Mbwa wangu kageuza uwanja kuwa machimbo, kumpiga sitaki. Nifanyeje?

Kiroboto_Mpole (mwanzisha uzi)
Wakuu salaam. Nina mbwa jike, chotara, ana miezi 14, uzito kilo kama 22, jina lake Simsim. Ana afya, anakula vizuri, tatizo lake moja tu: kuchimba. Kila nikirudi kazini nakuta shimo jipya, mengine nafukia asubuhi jioni yameshafunguliwa tena. Kuna moja chini ya mwembe, kuna mawili matatu kwenye tuta la maua la mama watoto (hapa ndipo ndoa inapotikisika 😅) alafu kuna lingine pale getini. Jirani kanambia nimkamate nimuingize pua kwenye shimo nimchape atakoma. Kumpiga sitaki, mbwa niliyekuwa naye zamani alipigwa sana na mtu mwingine nikiwa safarini akawa mwoga hadi kufa kwake, sitaki kurudia. Sasa nataka kujua kwanza KWA NINI anachimba, na namna ya kumuachisha bila kipigo. Asanteni.

Dume_la_Mbegu
Anaboreka huyo. Mbwa mdogo ana nguvu nyingi hana kazi. Mtembeze saa nzima asubuhi na saa nzima jioni uone kama ataishika hiyo ardhi tena. Uzi ufungwe.

bibi_wa_paka3
Mi nilisikia ukichukua kinyesi chake mwenyewe ukakizika ndani ya shimo harudi tena. Na pilipili ya unga nayo inafanya kazi, mwagia juu.

Kiroboto_Mpole
@Dume_la_Mbegu namtembeza kila siku asubuhi dakika 40 hivi, na jioni tunacheza mpira. Wikiendi ndo anatembea zaidi na wikiendi hiyohiyo anachimba tu, tena mimi nikiwepo hapohapo namuangalia.

Mzee_wa_Kamba
Nimefundisha mbwa miaka mingi kidogo, ngoja nichangie. Dume_la_Mbegu hajakosea sana, mbwa asiye na shughuli anachimba kweli. Ila kosa ni kudhani mashimo yote ni ya sababu moja. Ndugu mwanzisha uzi umetaja sehemu tatu, na mimi nikisoma naona kama mbwa watatu tofauti. Kwa hiyo kabla hujapewa dawa yoyote naomba unijibu haya.

La mwembeni: lina umbo gani, ni pana halina kina kama bakuli, au jembamba refu? Umewahi kumkuta kalala ndani? Anachimba saa ngapi?

Ya kwenye maua: umeweka mbolea gani karibuni? Ukifukia anarudi palepale au anahamia pembeni?

La getini: linafuata mstari wa geti? Anachimba ukiwepo au ukiondoka tu? Na huyu jike umemfunga kizazi?

Kuhusu kinyesi, bibi_wa_paka3 usinikasirikie, ni kweli wengi wanaliacha lile shimo. Wanachimba lingine hatua mbili pembeni, kwa sababu hamu ya kuchimba bado iko palepale. Alafu mayai ya minyoo yanakaa kwenye udongo muda mrefu sana, na watoto wanacheza hapo. Pilipili ni kumuunguza macho na pua, sasa hiyo na fimbo tofauti yake nini? Mwenye uzi kasema hataki adhabu.

Kiroboto_Mpole
Asante mzee. La mwembeni ni pana, kina kama shubiri moja tu, na ndiyo, namkuta amejikunja humo hasa mchana jua likiwa kali, tumbo kalibandika kwenye udongo. Kwenye maua mama watoto aliweka unga wa mifupa siku kama 9 kabla mashimo hayajaanza, sikuwahi kuunganisha hayo mambo mpaka umeuliza aisee. Nikifukia anarudi palepale. La getini liko chini kabisa ya geti, jembamba, na sijawahi kumuona akilichimba, nalikuta tu nikirudi. Kizazi hajafungwa.

Zainabu_Shamba
Samahani naingilia, na mimi wangu anachimba sana na anakula mpaka kuku wa watu, juzi kakamata wawili, mnamshauri mtu afanye nini, nimfunge mnyororo?

Mzee_wa_Kamba
Zainabu hilo la kuku ni habari nyingine kabisa, fungua uzi wake tutakuja. Mnyororo wa kudumu usiweke, unamjenga hasira tu.

Sasa Kiroboto, umenipa majibu yote.

La mwembeni anajipoza. Udongo wa juu umechomwa na jua, wa chini kidogo una ubaridi, anautoa ule wa moto analalia wa baridi. Hapo hakuna tabia mbaya ya kurekebisha, kuna mbwa mwenye joto. Mwachie hilo shimo ni lake, au mtengenezee kitanda cha turubai kilichoinuka kutoka chini hewa ipite, ukiweke palepale kivulini. Maji yawe karibu. Ukilifukia bila kumpa kitu kingine ataenda kuchimba chini ya dirisha lako.

La mauani ni harufu. Unga wa mifupa kwa pua ya mbwa ni kama umemwambia kuna mfupa umezikwa hapa, tafuta. Anachimba, hapati mfupa, harufu bado ipo, anachimba tena. Unga wa damu nao hivyohivyo. Na awe anakula huo unga kwa wingi ni hatari, unaweza kuganda tumboni ukaziba. Kwa hiyo kwanza zuia asifike pale, na mbolea hiyo msiirudie tena.

La getini ndilo linalonipa mawazo, nitarudi kwalo.

fundi_wa_mageti
Getini dawa yake ni zege mkuu. Piga mkanda wa zege chini ya geti upana wa futi moja biashara imeisha.

Nyota_ya_Jioni
Naomba niongezee kidogo kwenye lile la kumuingiza pua shimoni. Mbwa anaunganisha adhabu na kile anachokifanya sekunde hiyohiyo, siyo kile alichokifanya saa nne asubuhi. Ukirudi jioni ukamchapa mbele ya shimo anachojifunza ni kwamba wewe ukiingia getini kuna hatari. Na wale wanaosema "lakini anajua amekosa, ananywea mkia", kuna mtafiti anaitwa Alexandra Horowitz alilipima hilo mwaka 2009 kwa mbwa 14, wenye mbwa waliambiwa mbwa kala chakula alichokatazwa, wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine si kweli. Ile sura ya kukosa ilitokea zaidi mbwa akikaripiwa, awe kala au hakula. Yaani anausoma uso wako, siyo dhamiri yake.

Dume_la_Mbegu
Mbwa wangu anajua kabisa akikosea, msinidanganye na utafiti 😂

Nyota_ya_Jioni
Sawa kaka. Siku moja rudi nyumbani ukiwa umekasirika na kazi, hajafanya kosa lolote, angalia sura yake.

Mzee_wa_Kamba
Tuendelee. Kiroboto ulisema wikiendi anachimba na wewe upo. Hapo ndo naona sababu ya nne, anapenda tu. Kuna mbwa kuchimba kwake ni raha yenyewe, hasa wenye damu ya teria au dashundi, wale walizalishwa makusudi kuingia mashimoni kufuata wanyama, na chotara wako humjui babu yake. Mbwa wa hivi huwezi kumuondolea hamu, unampa mahali pa kuimalizia. Tunamtengenezea uwanja wake wa kuchimba.

Chagua sehemu ya kivuli, mbali na ukuta na mbali na geti. Kwa mbwa wa kilo 22 chimba kisanduku cha mita moja na nusu kwa mita moja na robo hivi, kina nusu mita au zaidi kidogo. Changanya mchanga na udongo wa kawaida nusu kwa nusu. Mchanga mtupu unaporomoka hauna raha kuchimba, mfinyanzi mtupu ukikauka unakuwa tofali. Zungushia mawe au mbao ili mpaka uonekane, siyo kwa ajili yako, kwa ajili yake, ahisi kwa miguu kwamba hapa ni humu na pale ni nje.

Siku ya kwanza usizike kitu. Tupia vipande vya nyama vitano sita juujuu aokote. Siku ya pili vifunike kwa udongo wa unene wa kidole. Akishazoea ongeza kina hadi kiganja. Zika na mipira yake na kamba yake ya kung'ata. Mifupa iliyopikwa usiweke, inapasuka vichane. Mara mbili kwa siku, dakika tano kumi, wewe ukiwa pembeni, akianza kuchimba msifie hapohapo miguu ikiwa bado kwenye udongo. Baada ya wiki usiweke kila siku, leo weka, kesho acha, keshokutwa weka kitu kikubwa. Akijua kuna siku anapata na kuna siku hapati ndo ataenda kuangalia kila siku.

Na kipindi chote hicho, wiki tatu angalau, tuta la maua liwe limezungushiwa wavu. Akiendelea kuchimba huko ukiwa kazini, kila shimo ni zawadi anayojipa mwenyewe na kazi yako ya jioni inaharibika.

bibi_wa_paka3
Wavu jamani hata ule wa kuku unaweza kulazwa chini ya udongo kwenye maua, akikwaruza anaugusa hapendi. Hilo mi nimefanya kweli siyo kusikia.

Mzee_wa_Kamba
Hilo ni zuri bibi, ila kingo zote zikunjwe kuangalia chini, zisije zikamchana nyayo au kung'oa kucha.

Kiroboto_Mpole
Naanza kesho. Nitaleta mrejesho.

Kiroboto_Mpole
Wakuu nimerudi, ni siku ya 16 leo. Kuna mazuri na kuna kituko.

Mwembeni nimemwachia shimo lake, kitanda cha turubai nimeweka pembeni, mchana anakwenda kitandani mara nyingi lakini jua likizidi anarudi shimoni. Sina shida nalo.

Kisanduku alikipenda siku ya pili tu. Wiki ya kwanza nikafurahi sana, nikaona wavu wa maua unaudhi macho, siku ya 9 nikautoa (najua, najua). Kwa siku mbili tatu hakugusa maua. Alafu akaanza mchezo, anaenda kwenye maua anakwaruza mara mbili tu, anasimama, ananiangalia! Mimi namwita "Simsim njoo", tunaenda kisandukuni, nazika kipande cha nyama, anachimba, anakula. Dakika kumi baadaye yuko tena kwenye maua, kwaru kwaru, ananiangalia. Jana alifanya hivyo mara 7. Naona kama ndo ananifundisha mimi.

Nyota_ya_Jioni
😂😂😂 Kakupata. Umemuajiri.

Mzee_wa_Kamba
Hahaha, hiyo inawapata wengi na ni kosa langu sikukuonya. Kwako wewe ni "nimemtoa kwenye maua nikampeleka kisandukuni". Kwake yeye ni safari moja: kwaruza maua, mwangalie mzee, utaitwa, utapata nyama. Maua yamekuwa kengele ya kuombea chakula. Dalili yake ni hiyohiyo uliyoiona, anakwaruza kidogo tu na jicho liko kwako. Mbwa anayechimba kwa hamu hana habari na wewe, kichwa kiko ndani na udongo unaruka nyuma.

Kurekebisha ni hivi. Kwanza rudisha wavu, leo. Pili, kitu kinachozikwa kizikwe KABLA, yeye asikuone, ili akienda kisandukuni mwenyewe akikute. Usizike tena mbele yake baada ya kumuita. Tatu, lipa pale anapoelekea kisandukuni kwa miguu yake bila kuitwa, hapo ndo toa sifa zote na kipande kikubwa, hata kama unaongea na simu katisha. Nne, ukimwona ananusa maua, kabla mguu haujainuka, mwite kwa sauti ya kawaida, akija mpe mpira mcheze kidogo au mfanye afanye kingine, nyama hapana. Akishaanza kukwaruza umeshachelewa, mtoe tu kimya, bila kelele na bila nyama.

Tegemea siku chache za mwanzo atakwaruza zaidi kuliko sasa, kwa sababu kengele iliyokuwa inaita imeacha kuita. Watu wengi hapo ndo wanakata tamaa wanampa, na wakimpa wamemfundisha kung'ang'ania.

Dume_la_Mbegu
Kazi yote hii kwa mbwa? Mi wangu namfokea mara moja anaacha.

Mzee_wa_Kamba
Anaacha ukiwepo. Ukitoka je?

Dume_la_Mbegu
Nikitoka anakuwa bandani.

Mzee_wa_Kamba
Basi kinachomzuia ni banda, siyo kufoka.

Kiroboto_Mpole
Alafu kuna jambo dogo, paka wa jirani wamekifanya kisanduku choo chao. Nikienda kuzika nyama nakutana na mambo.

bibi_wa_paka3
Hao wanangu hao 🙈 Funika na ubao au turubai usiku, asubuhi funua.

Zainabu_Shamba
Wangu ukiacha kuku anakula udongo wenyewe kabisa siyo kuchimba tu, anaulamba anameza. Hilo nalo ni raha?

Mzee_wa_Kamba
Hapana Zainabu, hiyo siyo raha. Akionja kidogo akichimba siyo neno, ila anayeumeza kila siku mpeleke kwa daktari wa mifugo aangaliwe damu na tumbo, anaweza kuwa na upungufu wa damu au shida ya utumbo. Angalia na fizi zake, zikiwa nyeupe badala ya waridi usisubiri wiki iishe.

Kiroboto_Mpole
Wakuu, wiki ya tano. Maua yamepona, wavu nimeuacha upande mmoja tu. Ile kengele aliipiga kwa nguvu siku nne, siku ya pili alikwaruza mpaka nikahesabu mara 11, nikakaza roho, siku ya tano akaenda kisandukuni mwenyewe akakuta mpira na nyama, nikamsifia kama mwendawazimu. Sasa hivi asubuhi akitoka anaenda moja kwa moja huko. Mara moja moja anajaribu kona ya uwanja, namwita anakuja.

Lakini getini bado. Nimefuata ushauri wa fundi nikaweka zege. Hachimbi tena pale. Sasa anang'ata mbao za geti. Niliacha simu ya zamani inarekodi: naondoka, dakika 6 hivi anazunguka anahema ulimi nje wakati asubuhi kuna baridi, analia, dakika ya 12 anaanza na geti. Kisanduku hakigusi kabisa nikiwa sipo, hata nyama niliyozika asubuhi naikuta jioni.

fundi_wa_mageti
Bandika bati.

Mzee_wa_Kamba
Bati halisaidii hapa. Nilisema la getini linanipa mawazo, na hiyo video ndiyo jibu. Mbwa anayeacha nyama haijaguswa hayuko kwenye mchezo, ana hofu ya kubaki peke yake. Zege limezuia shimo, hofu imehamia kwenye mbao, ukibandika bati itahamia kwenye kucha na meno yake, na nimeshaona mbwa kavunja meno kwenye bati. Kisanduku cha kuchimba hakitibu hilo. Anahitaji kuzoezwa kuachwa kidogokidogo, dakika moja, mbili, kabla hofu haijaanza, na kwa kipindi hicho mtu abaki naye nyumbani kadiri inavyowezekana. Ongea na daktari wa mifugo pia, wengine wanahitaji dawa ya kutuliza kwa muda.

Nyota_ya_Jioni
Mimi sina uhakika sana kama ni hofu tu. Hajafungwa kizazi na ana miezi 14, kama alikuwa kwenye joto wiki saba nane zilizopita inaweza kuwa mimba hewa, wanahangaika sana kipindi hicho, wanachimba kama wanatengeneza pa kuzalia. Alipanda joto lini?

Kiroboto_Mpole
Kama miezi miwili na wiki hivi iliyopita. Ila geti alianza kabla ya hapo, nadhani. Sikuandika tarehe.

Nyota_ya_Jioni
Angalia matiti kama yamevimba au yana maziwa, na kama anabeba midoli anaificha sehemu.

Kiroboto_Mpole
Midoli anabeba yote anapeleka mwembeni kwenye lile shimo... ngoja nikamwangalie matiti, narudi.